Kwa nini macho na vifungo hupotea pamoja

*Habari mwalimu. Nimechora mhusika wangu, mwanamke aliyesimama, anaonekana kuanzia kichwani hadi miguuni. Amevaa koti refu la buluu lenye safu mbili za vifungo, na skafu ya mirabamiraba. Nataka aonekane kama amepigwa picha kwa kamera. Natumia Stable Diffusion 1.5, modeli ya kutengeneza picha, kwa njia ya img2img, yaani naipa mchoro wangu iugeuze kuwa picha mpya. Nikiweka Denoising strength 0.3 anabaki mchoro uleule. Nikiweka 0.7 koti linageuka, skafu inatoweka, na yeye mwenyewe anakuwa mtu mwingine. Namba sahihi ni ipi?*

Kwa picha ya mwili mzima inayopitishwa mara moja tu, namba hiyo haipo. Kitelezi cha Denoising strength hakijui uso ni nini wala koti ni nini. Kinachopambanua ni ukubwa wa vitu ndani ya picha, na katika mchoro wako macho ya mhusika na vifungo vya koti lake vina ukubwa unaokaribiana. Kiwango kinachofuta vifungo hufuta macho pia. Acha nieleze kwa nini, halafu nikuonyeshe njia ya kutoka hapo, maana ipo na haina ugumu.

Unapobonyeza Generate, mambo mawili hufanyika kabla modeli haijaanza kazi. Kwanza picha yako hubanwa: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa kijisanduku kimoja chenye namba nne. Mchoro wa pikseli 512 kwa 768 huwa jedwali la vijisanduku 64 kwa 96, na modeli hufanya kazi juu ya jedwali hilo, haiigusi picha yenyewe. Pili, jedwali hilo humwagiwa kelele, yaani namba za kubahatisha. Kiasi cha kelele ndicho unachokichagua kwa kitelezi. Baada ya hapo modeli husafisha kelele hatua kwa hatua, ikiongozwa na maneno uliyoyaandika, na chochote kilichofunikwa kabisa hukibuni upya, kwa sababu haina tena mahali pa kukisoma.

Wengi hudhani 0.5 maana yake ni nusu picha na nusu kelele. Sivyo. Katika Stable Diffusion 1.5 kelele hupangwa katika ngazi 1000, na ngazi hizo hazipandi kwa usawa. Nimekokotoa kutokana na mpangilio wake wa kawaida: ukiwa kwenye 0.3, picha huzidishwa kwa takriban 0.77 na kelele kwa 0.64, kwa hiyo picha bado ina sauti kubwa zaidi. Vinalingana karibu na 0.36. Ukifika 0.5, picha imebaki na 0.53 dhidi ya kelele 0.85. Kwenye 0.75, ambayo ndiyo namba unayoikuta imewekwa tayari katika programu ya AUTOMATIC1111, picha imebaki na 0.24 tu na kelele ni 0.97. Ndiyo maana hatua ya kutoka 0.3 kwenda 0.7 ilikurusha mbali kuliko ulivyotarajia. Ulivuka mahali ambapo kelele inaanza kuizidi picha, ukaendelea mbele.

Hata hivyo kelele haili kila kitu kwa kasi moja. Mfikirie mtu anayetembea kuingia kwenye ukungu: vifungo vyake hupotea kwanza, kisha macho na mdomo, kisha mikunjo ya nguo, na umbo lake jeusi hubaki hadi mwisho. Kelele hufanya hivyohivyo, na sababu yake ni ya kihesabu. Nguvu nyingi ya picha ya kawaida iko kwenye maeneo mapana, kama vile buluu ya koti zima, weupe wa mandharinyuma, na mpaka kati ya mwili na kilichoko nyuma. Vitu vidogo vina nguvu kidogo. Kelele yenyewe ina nguvu ileile katika kila ukubwa, hivyo huvizidi vidogo mapema na vikubwa baadaye sana. Hata kwenye 1.0, kwa mpangilio huu wa ngazi, picha hubaki na takriban 0.07, na mara nyingine hiyo hutosha kuvujisha mwanga au giza la jumla la picha ya mwanzo.

Sasa rudi kwenye mchoro wako. Tuseme umejaa kwenye pikseli 512 kwa 768, na mhusika ana urefu wa pikseli 700. Kichwa cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya saba na nusu ya urefu wake, kwa hiyo kichwa ni pikseli 93, yaani vijisanduku visivyozidi 12. Jicho moja lina upana wa pikseli kumi na kitu, yaani kijisanduku kimoja na nusu hivi. Kifungo cha koti nacho ni kama kijisanduku kimoja. Koti lenyewe, likishuka kutoka mabegani hadi magotini, linachukua vijisanduku 45 au zaidi. Utambulisho wa mtu umo katika vitu vya ukubwa wa kijisanduku kimoja au viwili: umbali kati ya macho, mstari wa mdomo, pembe ya nyusi. Koti kama koti ni kitu kikubwa, lakini koti hilo hasa, lenye safu mbili za vifungo, lina alama zake katika vitu vidogo vilevile. Hivyo unapopandisha kitelezi, kwanza unapoteza *huyu* na *hili*, halafu baadaye sana unapoteza *mwanamke* na *koti*.

Kwa mchoro kama huo, ngazi za uharibifu hufuatana takriban hivi. Hadi 0.25 modeli hulainisha mistari tu. Kati ya 0.3 na 0.4 rangi huanza kupata kivuli, na kitambaa huanza kuonekana kama kitambaa. Uso hubadilika kidogo, na wewe uliyeuchora utaliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Kati ya 0.45 na 0.55 vifungo hubadilika idadi, mirabamiraba ya skafu huwa mistari au madoa, na uso huwa wa ndugu yake. Kati ya 0.55 na 0.7 koti hubaki la buluu na refu, lakini kola, mifuko na mshono huwa vya koti lingine. Skafu inaweza kumezwa na kola, kwa sababu sasa ni doa la rangi tu shingoni, na modeli hulitafsiri doa hilo inavyoona inafaa. Kuanzia hapo kwenda juu hubaki mkao na rangi kuu, na karibu na 0.8 hata mkao hauna uhakika. Mipaka hii husogea kulingana na mchoro, lakini mfuatano wake haubadiliki.

Tofauti ya mwanga nayo huamua. Mirabamiraba myeupe juu ya buluu nzito hustahimili kelele kuliko darizi nyeusi juu ya kitambaa cheusi, ambayo huweza kufutika hata kwenye 0.2. Ukiwa na pambo unalolipenda na rangi yake inakaribiana na ya nguo, ongeza tofauti hiyo kwa mkono kabla ya kuanza, hata kupita kiasi, kisha uirudishe chini kwenye picha ya mwisho. Kazi ya dakika chache hapo huokoa mengi kuliko kusogeza kitelezi mara mia.

Kuna jambo lingine linalohusu mahali mtu mpya anapotoka. Kelele inafuta, lakini anayejaza ni modeli, na hujaza kwa kile inachokiona kuwa cha kawaida zaidi kulingana na maneno yako. Ukiandika tu kwamba ni mwanamke aliyevaa koti, pengo la uso litajazwa uso wa wastani wenye ulinganifu na ngozi laini, na pengo la koti litajazwa koti la kawaida lenye safu moja ya vifungo. Kwa hiyo kadiri unavyopandisha namba, ndivyo maneno yako yanavyopaswa kubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na mchoro. Taja rangi, urefu, safu mbili, skafu na mirabamiraba yake, umri wa mhusika, umbo la uso na nywele. Usitegemee kwamba modeli itahesabu vifungo sawasawa hata ukitaja idadi. Modeli ya 1.5 ni dhaifu sana kwenye kuhesabu, na hapo mchoro pekee ndio unaoweza kukusaidia.

Kabla ya kuingia kwenye suluhisho, hakikisha hujadanganywa na idadi ya hatua. Katika maktaba ya Python iitwayo diffusers, hatua zinazofanyika kweli huhesabiwa hivi:

```python
init_timestep = min(int(num_inference_steps * strength), num_inference_steps)
```

Ukiomba hatua 20 kwa 0.3, zinafanyika 6. AUTOMATIC1111 nayo hufuata utaratibu unaokaribiana na huo usipobadilisha mipangilio. Hatua 6 zinaweza kuacha picha yenye ukungu au madoadoa, ukadhani 0.3 ni ndogo mno ilhali tatizo ni kwamba kazi haikumalizwa. Ukitumia namba za chini, pandisha Sampling steps hadi 40 au 50 kabla ya kutoa hukumu. Programu ya ComfyUI hufanya tofauti: ndani ya KSampler, sehemu yake inayosafisha kelele, hatua ulizoziomba hufanyika zote, hata denoise ikiwa ndogo. Ndiyo maana picha mbili zenye namba zilezile kutoka programu mbili hazifanani, na ndiyo maana ushauri wa namba unaousoma bila kutajiwa programu una thamani ndogo.

Sasa njia ya kutoka, nikitumia majina ya vitufe vya AUTOMATIC1111. Kwa kuwa kitelezi kinapima ukubwa, fanya vitu unavyovipenda viwe vikubwa, na vile usivyotaka viguswe vilindwe na kitu kingine kisicho kitelezi.

Anza na mchoro wa asili katika ukubwa wake kamili, usitumie nakala iliyopunguzwa. Panga kazi kwenye pikseli 768 kwa 1152. Kichwa sasa ni pikseli 140 badala ya 93. Modeli ya 1.5 ilifunzwa kwa picha za 512, na ukiilazimisha kubuni picha kubwa kutoka kelele tupu huweza kuchora watu wawili au kiwiliwili kirefu mno. Hapa hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu mkao tayari umo kwenye picha yako na hatutapanda juu sana.

Kisha washa kiongezo cha ControlNet na uchague Lineart. Hii husoma mistari ya mchoro wako na kuishikilia katika kila hatua ya usafishaji, hivyo hata kelele ikifunika vifungo kwenye jedwali, bado kuna mwongozo unaosema hapa pana duara, hapa pana mshono. Wewe mchoraji una bahati katika hili, kwa kuwa mistari yako ni safi kuliko ile inayotolewa kwenye picha ya kamera. Weka Control Weight karibu na 0.9, na Ending Control Step kwenye 0.8, ili sehemu ya mwisho iachiwe uhuru wa kutengeneza nyuzi za kitambaa na vinyweleo vya ngozi. Ukiiacha hadi 1.0, mistari ya kalamu huweza kubaki ikionekana kama michoro iliyochorwa juu ya picha.

Ukiwa na ulinzi huo, nenda kwenye Denoising strength 0.55 au 0.6. Kiwango hiki kinatosha kuuondoa uchoraji, na rangi kubwa za koti bado zinatoka kwenye picha yako kwa sababu ni maeneo mapana. Angalia matokeo kwa utaratibu: mabega yako palepale, koti linaishia palepale, safu za vifungo ni mbili, skafu ina mirabamiraba. Uso usiuhukumu bado. Utakuwa umekosewa, na hilo limetarajiwa. Mistari ya uso mdogo ni michache mno kumshika mtu.

Uso tunaurudia peke yake. Peleka matokeo kwenye Inpaint, ambako modeli hubadilisha eneo ulilolipaka tu, paka kichwa chote pamoja na nywele za pembeni, chagua Inpaint area: Only masked, Masked content: original, na uache Only masked padding kwenye 32. Ukubwa wa kutoa weka 512 kwa 512. Kinachofanyika ni kwamba programu hukata eneo la kichwa pamoja na pembezoni mwake, kama pikseli 204, hulikuza hadi 512, hulifanyia kazi, kisha hulirudisha mahali pake. Kichwa kilichokuwa na pikseli 140 sasa kina 350, karibu vijisanduku 44. Jicho lililokuwa kijisanduku kimoja na nusu kwenye jaribio lako la kwanza sasa ni kama vijisanduku sita. Kwa hiyo 0.4 ya hapa haiharibu kama 0.4 ya picha nzima, ingawa namba ni ileile.

Lakini uso uliopo pale sasa ni ule uliobuniwa, siyo wako. Kabla ya hatua hiyo, fungua programu yoyote ya kuhariri picha, chukua kichwa kutoka mchoro wa asili, kibandike juu ya kichwa kipya ukiweka Opacity kwenye asilimia 60 au 70, uhakikishe macho yanakaa juu ya macho. Kitaonekana kibaya, mchanganyiko wa kalamu na picha, na hakuna shida. Ndipo upake na kupitisha kwa 0.4. Modeli itapata uwiano wa sura uliyoichora na ngozi ya picha kwa pamoja. Kama bado kuna dalili za kalamu, ongeza kwa 0.05, usiruke. Skafu fanya hivyohivyo: bandika mirabamiraba, paka, pitisha kwa 0.35 hadi 0.45.

Ukitaka kuona mwenyewe mpaka uko wapi kwenye mchoro wako, tumia X/Y/Z plot iliyo chini kwenye Script. Chagua Denoising kwenye X type na uandike:

```
0.3-0.7 (+0.05)
```

Weka Seed, yaani namba inayoanzisha kelele, iwe namba maalumu, usiiache kwenye -1, vinginevyo utakuwa unalinganisha bahati na bahati. Utapata picha tisa mfululizo. Usizitazame kwa jumla. Chagua kitu kimoja, mfano kifungo cha juu kushoto, ukifuate kutoka picha hadi picha. Kuna mahali kitahama au kitatoweka. Kisha fuata jicho. Kwenye mchoro wa mwili mzima utaona vyote viwili vinaondoka ndani ya hatua moja au mbili za jirani, na hapo ndipo utakapoamini kwamba ulikuwa unatafuta pengo lisilokuwepo. Rudia jaribio hilo kwa kichwa kilichokatwa na kukuzwa, uone mpaka uleule unavyosogea kwenda kulia.

Kuna swali ambalo hukuuliza, lakini litakujia: vipi ukitaka mtu abaki na nguo ibadilike? Hapo, kwenye Inpaint, paka nguo tu, uache uso na mikono nje ya eneo lililopakwa, na kanuni inageuka. Rangi ya koti ni eneo pana, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kufa. Ukiomba koti jekundu kwa 0.5 utapata buluu yenye wekundu wa kusitasita, na ukiongeza maneno hayatasaidia kitu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda hadi 0.85 au zaidi ndani ya eneo lililopakwa, ukikubali kwamba mikunjo nayo itabuniwa upya. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kupaka wekundu wa bapa juu ya koti kwa brashi ya kawaida, uweke vivuli viwili vitatu vya hovyo mahali penye mikunjo, kisha upitishe kwa 0.5 au 0.55. Rangi kubwa umeshaitatua kwa mkono. Modeli inabaki na kazi ya kitambaa tu. Hakikisha eneo ulilopaka linavuka ukingo wa koti kwa pikseli chache, la sivyo utabaki na uzi wa buluu kuzunguka koti jekundu.

Namba zote nilizotaja ni za Stable Diffusion 1.5. SDXL hutumia mpangilio wa kelele unaofanana nao, ila huanzia kwenye picha ya 1024, hivyo uso huanza ukiwa na vijisanduku vingi zaidi na huvumilia kidogo. SD3 na Flux huchanganya picha na kelele kwa kanuni nyingine, na huko fanya jaribio la picha tisa upya kabla ya kubeba namba yoyote kutoka hapa.

La mwisho, usishawishike kupitisha picha nzima kwa 0.3 mara nne mfululizo ukidhani utafika unakotaka bila kuharibu. Kila mara, macho na vifungo hufunikwa na kubuniwa upya, na kosa la mara ya kwanza huwa ndio ukweli wa mara ya pili. Kubana na kukunjua picha nako hupunguza makali ya vitu vidogo kila unaporudia. Baada ya mizunguko michache koti litakuwa bado la buluu, likiwa palepale, na ndani yake amesimama mtu ambaye hukumchora. Ukihitaji mzunguko wa pili, upe eneo dogo lililopakwa na kukuzwa, na sehemu nyingine zote ziache kama zilivyotoka mara ya kwanza.